Masahihisho ya habari: kosa linavyorekebishwa bila kuipoteza imani ya msikilizaji

Jumamosi tarehe 8 Januari 2011, mnamo saa nne na dakika kumi asubuhi kwa saa za mji wa Tucson, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, mtu mwenye bastola aliufyatulia risasi mkutano wa hadhara uliokuwa ukifanyika nje ya duka kubwa la vyakula. Watu sita waliuawa na kumi na watatu walijeruhiwa. Miongoni mwa majeruhi alikuwemo mwitishaji wa mkutano huo, Gabrielle Giffords, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, ambaye alipigwa risasi ya kichwa. Chini ya saa mbili baadaye, katika taarifa ya habari ya saa nane mchana kwa saa za Washington, redio ya umma ya Marekani, NPR, ilitangaza kwamba Giffords amefariki dunia.

Hakuwa amefariki. Wakati habari hiyo ikisomwa, madaktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu mjini Tucson walikuwa wakipigania maisha yake. Hata hivyo, tangazo lilikuwa limekwishatoka redioni, likaandikwa kwenye tovuti, likatumwa kwa barua pepe kwa waliojiandikisha kupokea habari za dharura, na likawekwa kwenye mtandao wa Twitter, ambao siku hizi unaitwa X. Vyombo vingine vikubwa, vikiwemo vituo vya televisheni na mashirika ya habari, viliirudia habari hiyo. Mume wake, mwanaanga Mark Kelly, alikuwa ndani ya ndege akisafiri kutoka Houston kwenda Tucson pamoja na mama yake na binti zake. Aliipata habari ya kifo cha mkewe kupitia televisheni iliyokuwamo ndegeni. Familia ilimlilia mtu aliye hai, mpaka simu ilipopigwa na ukweli ukajulikana.

Tukio hili limekuwa mfano unaorejewa mara kwa mara na wahariri wanapojadili jinsi chombo cha habari kinavyopaswa kujisahihisha. Kosa lenyewe si la ajabu. Kila chumba cha habari kimewahi kukosea. Linalofaa kuchunguzwa ni yale yaliyofuata, kwa kuwa karibu kila swali gumu kuhusu masahihisho lilijitokeza siku ile na siku iliyofuata.

Chanzo cha kosa

NPR haikutangaza kwa kubahatisha. Ilikuwa na vyanzo viwili: kimoja katika ofisi ya sherifu wa Wilaya ya Pima, ulipo mji wa Tucson, na kingine katika ofisi ya mbunge. Kanuni ya vyanzo viwili, inayofundishwa katika vyuo vingi vya uandishi wa habari, ilikuwa imetimizwa kwa hesabu. Kasoro ni kwamba hakuna aliyethibitisha iwapo yeyote kati ya wasemaji hao alikuwa ameshuhudia kwa macho yake, au amezungumza na daktari. Watu wawili waliosikia uvumi mmoja ni chanzo kimoja, hata wakiwa katika majengo tofauti na wakishika nyadhifa kubwa. Mwenye mamlaka ya kusema kama mgonjwa yu hai au amekufa ni hospitali au familia, na hospitali ilikuwa bado haijasema neno.

Maelezo haya yana nafasi yake katika mjadala wa masahihisho. Chombo kisichojua kosa lake limetoka wapi hakiwezi kulisahihisha vizuri. Kinaweza kubadilisha neno moja na kuacha mengine matatu yaliyotoka katika chimbuko lile lile. Ndiyo maana mhariri makini, anapopata malalamiko kuhusu jina au tarakimu, huirudia habari nzima na kuuliza kila kipengele kilipatikana kwa nani kabla hajaandika masahihisho.

Kusahihisha, kufafanua na kuongeza habari

Hospitali ilipotoa taarifa kwamba Giffords yuko katika upasuaji, NPR ilibadilisha habari yake. Kesho yake, Jumapili, mhariri mtendaji wake, Dick Meyer, alichapisha taarifa ya kuomba radhi. Alikiri kwamba kosa lilikuwa zito, akataja maumivu waliyoyapata ndugu na marafiki wa mbunge huyo, na akasema kwamba katika hali yenye vurugu na inayobadilika kwa haraka kiasi kile, shirika lilipaswa kuwa na tahadhari zaidi. Sentensi hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa vizuri. Ingeishia kwenye neno vurugu, ingekuwa kisingizio. Iliponusurika ni pale iliposema kwamba vurugu ilikuwa sababu ya kuongeza tahadhari, wala si sababu ya kusamehewa.

Vyumba vya habari hutumia vichwa vitatu ambavyo wasomaji wengi huviona kama kitu kimoja. Masahihisho hutolewa pale jambo lililotangazwa lilipokuwa si kweli wakati lilipotangazwa. Ufafanuzi hutolewa pale maneno yalipokuwa sahihi lakini yakaeleweka vibaya, kwa mfano kusema mtu ametiwa hatiani bila kueleza kwamba ana haki ya kukata rufaa. Taarifa mpya hutolewa pale hali yenyewe ilipobadilika baada ya habari kutoka, kama idadi ya majeruhi inapoongezeka jioni.

Kishawishi kikubwa katika kazi hii ni kuvibadilishana vichwa hivyo. Kuandika “taarifa mpya: mbunge yu hai” ni kumwambia msomaji kwamba ulimwengu umebadilika, ilhali kilichobadilika ni kile tu ambacho chombo kinakijua. Msomaji aliyeumizwa na kosa huutambua ujanja huo mara moja, na hapo huondoka na mashaka mawili: moja kuhusu usahihi wa chombo, la pili kuhusu unyofu wake. La kwanza husahaulika upesi kuliko la pili.

Kuna pia marekebisho ya kimyakimya, yaani kubadilisha maandishi bila kusema lolote. Herufi iliyorukwa au nukta iliyokosekana inaweza kurekebishwa hivyo bila dhambi. Lakini jina la mtu, tarakimu, mahali, tarehe, saa au kauli iliyonukuliwa vikibadilishwa, alama ya mabadiliko hayana budi kubaki. Aliyeisoma habari asubuhi na kuirudia jioni, akakuta tarakimu nyingine bila maelezo, hana njia ya kujua ipi ya kuamini. Mwenzake aliyemsimulia ile ya asubuhi ataonekana mwongo bure.

Kufuta au kuacha

Swali lililoibua ubishi mkubwa baada ya Tucson lilihusu ujumbe wenye kosa kwenye Twitter. Vyombo kadhaa viliufuta. Andy Carvin, aliyekuwa akisimamia mkakati wa mitandao ya kijamii wa NPR, aliamua ujumbe wa shirika lake ubaki ulipo, ukifuatiwa na masahihisho. Hoja yake ilikuwa kwamba kuufuta kungefanana na kujaribu kuficha kilichotokea.

Waliompinga walikuwa na hoja nzito pia. Ujumbe unaobaki huendelea kusambazwa na watu waliochelewa kuuona, na kila anayeupokea huupata peke yake, bila ule wa masahihisho uliowekwa chini yake. Uaminifu kwa kumbukumbu unaweza hivyo kuwa uzembe kwa msomaji wa sasa.

Njia inayotumiwa na wahariri wengi siku hizi inachukua upande wa kila mmoja. Ujumbe wenye kosa hupigwa picha, kisha hufutwa. Ujumbe mpya huwekwa ukieleza kwamba wa awali umefutwa, ulisema nini, na ukweli ni upi. Kusambaa hukatizwa na kukiri hubaki. Ubaya wa njia hii ni picha yenyewe: ikiwekwa bila alama kubwa ya kuonyesha kwamba ina kosa, itakatwa na kurushwa tena kama habari, pengine kwa nia mbaya. Mstari mmoja mwekundu wa kukata juu ya maandishi hutosha, mradi upite katikati ya maneno na si pembeni.

Radioni hakuna cha kufuta. Sauti ikitoka imetoka. Masahihisho ya redio huwa na maana tu yakimfikia yule aliyelisikia kosa, na njia pekee ya kumkaribia mtu huyo ni kurudi kwenye saa ile ile na kipindi kile kile. Msikilizaji wa taarifa ya saa moja asubuhi huwa shambani au kazini saa nne. Kumsahihishia saa nne ni kuwasahihishia watu wengine. Kwa hiyo kosa zito husahihishwa mara tu linapogunduliwa, hata kwa kukatiza kipindi, kisha hurudiwa siku inayofuata katika nafasi lilimosomwa mara ya kwanza.

Kurudia kosa au kutolirudia

Kanuni za maadili ya uandishi wa habari nchini Kenya, zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013, zilitaka habari isiyo sahihi irekebishwe bila kukawia. Ziliongeza sharti ambalo wengi hulisahau: masahihisho yatoe habari iliyo sahihi, na yasilirudie kosa isipokuwa pale ambapo uwazi unalazimisha.

Sharti hilo lina busara. Mtu aliyetajwa kimakosa kuwa ameshtakiwa kwa wizi hasaidiki jina lake likitajwa mara ya pili karibu na neno wizi, hata kama kuna “si kweli” katikati. Masikio hubeba yale maneno mawili na kuangusha kanusho. Kwake yafaa kusema kwa jina ni nani aliyeshtakiwa, kisha kueleza kwamba jina lililotajwa awali halikuwa sahihi. Lakini katika suala la saa, bei, njia au dawa, kosa lisipotajwa msikilizaji hajui kama ni lile alilolisikia yeye. Hapo uwazi unalazimisha.

Aidha, watafiti wa saikolojia wameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba habari iliyokanushwa huendelea kuathiri fikra za mtu hata anapokumbuka vizuri kwamba ilikanushwa. Athari hiyo hupungua pale kanusho linapoambatana na maelezo mengine yanayolijaza pengo. “Hakufa” huacha pengo. “Yuko katika upasuaji hospitalini” hulijaza. Ndiyo sababu masahihisho mazuri hutanguliza ukweli, na kosa hulitaja baadaye.

Mfano: saa ya Kiingereza na saa ya Kiswahili

Vyumba vya habari vya Kiswahili katika nchi ambako matangazo ya serikali hutolewa kwa Kiingereza au Kifaransa vina makosa yao ya kurithi. Neno la Kifaransa linalotamkwa karibu sawa na bilioni lina maana ya trilioni, jambo ambalo linaweza kuipunguza bajeti mara elfu moja katika tafsiri. Linaloumiza zaidi, hata hivyo, ni la saa, kwa sababu msikilizaji huamka na kulifuata.

Tuchukue tangazo la kubuni la kituo cha afya, lililoandikwa kwa Kiingereza, linalosema chanjo ya watoto itatolewa Jumatano mchana kuanzia mbili hadi sita. Mtafsiri mwenye haraka huandika “saa mbili hadi saa sita mchana”. Kwa Kiswahili ni saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Habari inasomwa Jumatatu katika taarifa ya saa moja asubuhi na kuwekwa kwenye tovuti. Isiporekebishwa, akina mama watafika Jumatano asubuhi wakiwa na watoto mgongoni, wengine kwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na watakuta mlango umefungwa. Wengi watarudi nyumbani kabla ya saa nane. Baadhi hawatarudi tena siku nyingine, nao watakilaumu kituo cha afya.

Kosa linagunduliwa Jumatatu saa nane na nusu. Masahihisho ya kwanza yanayoandikwa na mtu anayetaka yaishe upesi ni haya: “Taarifa mpya: Saa za chanjo zimebadilishwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza.” Saa hazikubadilishwa. Neno wowote linatia shaka kama kuna aliyesumbuliwa. Na kwa anayesoma, aliyebadilisha ni kituo cha afya, kwa hiyo lawama imehamishwa kwenda kwa asiye na kosa.

Yanayofaa ni marefu kidogo: “Masahihisho: Chanjo ya watoto itatolewa Jumatano kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Katika taarifa yetu ya saa moja asubuhi ya Jumatatu, na kwenye tovuti, tulisema saa mbili hadi saa sita mchana. Tulikosea tulipotafsiri tangazo la kituo cha afya, ambalo lenyewe lilikuwa sahihi. Tunawaomba radhi wazazi. Yamesahihishwa Jumatatu, saa tisa alasiri.”

Ukweli umetangulia, kwa hiyo hata anayesikia sentensi moja na kuzima redio ameupata. Kosa limetajwa pamoja na mahali na wakati lilipotoka. Mwenye kosa amejitaja mwenyewe kwa “tulikosea”, bila “kulitokea hitilafu”. Saa ya kusahihishwa imewekwa ili anayelinganisha maandishi mawili ajue lipi ni la mwisho.

Maandishi hayo huwekwa juu kabisa ya habari, kwa kuwa kosa linagusa kitendo cha msomaji. Cheo cha afisa kilichokosewa kingeweza kusahihishwa mwishoni mwa ukurasa. Kichwa cha habari hubadilishwa ikiwa kilitaja saa. Kisha kinabaki kitu ambacho hakiko mikononi mwa chombo: picha ya ukurasa wa kwanza ambayo imekwishapita katika makundi ya WhatsApp. Haitafutika. Kinachowezekana ni kutoa masahihisho mafupi, yenye tarehe na jina la kituo, yanayojitosheleza yenyewe, ili aliyeisambaza picha ile apate kitu cha kutuma katika kundi lile lile. Kituo cha afya nacho hupigiwa simu kabla ya masahihisho kutoka, kwa kuwa watakaofika asubuhi watahitaji kupokelewa na mtu anayejua kilichotokea.

Masahihisho husomwa papo hapo Jumatatu alasiri, hurudiwa saa moja asubuhi ya Jumanne, na mara ya tatu saa moja asubuhi ya Jumatano yenyewe, wakati ambapo mwenye kufuata kosa anajiandaa kutoka nyumbani.

Aliyenukuu naye husahihisha

Siku ya Tucson vyombo vingi vilitangaza kifo hicho kwa kutaja kwamba vinainukuu NPR. Kutaja chanzo ni jambo la haki, na humsaidia msomaji kupima uzito wa habari. Hakumwondolei aliyenukuu wajibu wa kujisahihisha. Wasikilizaji wake hawakuisikia NPR, walimsikia yeye, na wengi wao hawatafika kamwe kwenye ukurasa wa chanzo kutafuta radhi iliyoombwa na Dick Meyer.

Hali hii inazihusu sana idhaa ndogo za Kiswahili, ambazo huchukua habari nyingi za kimataifa kutoka mashirika makubwa na kuzitafsiri. Mashirika hayo yanapotuma masahihisho kwa wateja wao, mara nyingi ujumbe hufika wakati mhariri wa zamu iliyotumia habari ya kwanza amekwishaondoka, na wa zamu mpya hajui kama habari ile ilitumika. Dawa yake ni daftari moja mezani, la karatasi au la kompyuta, linaloandikwa kila habari iliyochukuliwa nje, saa iliyosomwa, kipindi kilichoisoma na mahali ilipochapishwa. Mhariri anayepokea masahihisho saa tano usiku hulifungua, huona kwamba kosa lilisomwa katika taarifa ya saa kumi na mbili jioni, na huacha maandishi ya masahihisho juu ya karatasi za msomaji wa taarifa hiyo ya kesho.